Jedwali la Maombi ya Kazi: Nani Anasubiriwa, na Mpaka Lini

Mtu anayetafuta kazi Tarime au Serengeti kwa kawaida ana maombi manne au matano yanayosubiri kwa wakati mmoja, na kila moja limepita njia yake. Moja limeingizwa kwenye Ajira Portal kutoka steshenari ya mjini. Jingine limepelekwa kwa mkono na kuachwa masijala. La tatu limetumwa kwa barua pepe kwa kampuni inayofanya kazi ndani ya mgodi wa North Mara, na la nne limekwenda Arusha, kwenye ofisi ya kampuni yenye kambi za watalii hifadhini. Mwezi unapita, simu inaita kwa namba ngeni, sauti inasema inahusu ile nafasi uliyoomba, nawe unaitikia "ndiyo, ndiyo" huku hujui ni ipi.

Jedwali ninalolieleza hapa litakuepusha na aibu hiyo, ila shabaha yake hasa ni kukuonyesha nani anatakiwa kufanya jambo linalofuata, wewe au mwajiri. Kama ni mwajiri, likuambie utamwachia mpaka tarehe gani kabla hujamkumbusha. Ukikumbusha mapema unaonekana msumbufu, ukichelewa unakuta mtu mwingine ameshakabidhiwa kiti. Na muda unaoifaa halmashauri hauifai kambi ya watalii, kwa hiyo kanuni moja ya "subiri wiki mbili" haitoshi kwa wilaya hizi mbili.

Kaunta buku inatosha. Ilaze kwa upana, tumia kurasa mbili zinazotazamana, kisha chora safu saba: mwajiri na nafasi; njia niliyotumia na ushahidi; tarehe ya kutuma na ya mwisho wa kupokea maombi; simu na barua pepe niliyoandika; hatua ilipofikia; anayesubiriwa; tarehe ya kufuatilia. Zipo safu mbili ambazo watu wengi huziruka, na ndizo zinazowaumiza baadaye.

Ya kwanza ni ushahidi. Ukipeleka barua kwa mkono katika ofisi ya umma au shule ya binafsi, nenda na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine mwombe karani wa masijala aigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hakuna atakayekushangaa, ni utaratibu wa kawaida wa masijala, lakini ukiuomba siku tatu baada ya kuondoka hutaupata. Siku ya kufuatilia huulizi kama barua yako ilifika. Unasema, "Barua yangu ilipokelewa hapa tarehe kumi, muhuri ninao," na karani anajua afungue rejesta ukurasa upi. Kwa maombi ya barua pepe, ushahidi ni ujumbe wenyewe kwenye sehemu ya zilizotumwa. Andika kwenye jedwali kichwa cha ujumbe neno kwa neno, kwa sababu hicho ndicho utakachokitafuta utakapotaka kujibu juu ya ujumbe uleule badala ya kuanzisha mpya.

Ya pili ni simu na barua pepe. Inaonekana ya kipuuzi, maana nani asiyejua namba yake? Lakini wengi huomba wakiwa steshenari, kijana wa kompyuta anawafungulia akaunti, na kwa haraka anaweka barua pepe aliyoitengeneza yeye na nywila anayoijua yeye. Wengine wana laini tatu, na ile waliyoiandika Januari imezimwa kufikia Machi. Ukienda steshenari, hakikisha barua pepe ni yako, nywila umeiandika wewe, na umeifungua kwenye simu yako kabla hujalipa. Kama akaunti imeshafunguliwa kwa barua pepe ya mtu, kuirekebisha ndiyo kazi ya kwanza kwenye jedwali lako, na kwenye safu ya anayesubiriwa andika "mimi".

Sasa tarehe. Kwa maombi ya serikali, neno kufuatilia lina maana ya pekee. Nafasi nyingi za utumishi wa umma, zikiwemo za halmashauri na za taasisi kama TANAPA, hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi huingizwa kwenye portal.ajira.go.tz. Hapo hakuna afisa wa kumwandikia ukumbusho wa heshima. Hata ukimpigia mtu unayemfahamu Dodoma hakuna atakachokuongezea. Kufuatilia ni kuingia kwenye akaunti yako na kusoma matangazo ya kuitwa kwenye usaili, ambayo hutolewa kama orodha ndefu za PDF. Kwa hiyo kwenye safu ya tarehe usiandike siku moja, andika mzunguko, kwa mfano "kila Jumatatu na Alhamisi jioni". Tafuta jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, si kama unavyoitwa mtaani. Kama hukuitwa, ingia kwenye akaunti yako usome sababu. Mara nyingi ni jambo la kurekebisha, kama barua isiyosainiwa, cheti kilichopakiwa nusu ukurasa, au hati ya matokeo iliyowekwa mahali pa cheti chenyewe. Iandike sababu hiyo kwenye mstari uleule kwa wino mwekundu, ili tangazo lijalo likukute umeshaiondoa.

Ukiitwa, mstari mmoja unazaa tarehe mbili au tatu papo hapo. Tangazo la kuitwa huwa limeshapanga siku ya usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika, na siku ya usaili wa mahojiano. Kwa kada kama za udereva na uandishi mwendesha ofisi, huwa kuna pia usaili wa vitendo. Ziandike zote siku hiyohiyo. Matokeo ya mchujo yanaweza kutoka muda mfupi tu kabla ya mahojiano, na aliyepanda basi kurudi Mugumu akisema atasikilizia nyumbani anaweza kujikuta yuko mbali na kituo cha usaili siku jina lake linaposomwa. Tangazo hilo pia husema wazi kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi, hivyo kando ya tarehe andika nauli ya kwenda, ya kurudi, na mahali pa kulala kwa siku zote za katikati. Nakili pia namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti. Siku ya usaili si siku ya kuanza kuitafuta.

Na kama unafuata kazi ya halmashauri kwa miguu, angalia ni halmashauri ipi. Wilaya ya Tarime ina mbili. Halmashauri ya Mji iko Tarime mjini, na Halmashauri ya Wilaya makao yake ni Nyamwaga, kwenye barabara ya kwenda Nyamongo na Mugumu. Wapo waliokula nauli kwenda kuulizia mjini barua iliyoko Nyamwaga. Kwa Serengeti hakuna utata huo, ofisi iko Mugumu.

Mgodi ni hadithi nyingine. North Mara, ulioko Nyamongo, unaendeshwa na Barrick, na serikali ina hisa asilimia 16. Lakini mtu anayesema "nimeomba mgodini" huenda ameomba kwa mkandarasi wa ulinzi, wa chakula, wa uchorongaji au wa usafiri, na hao ni waajiri tofauti wenye ofisi tofauti za rasilimali watu. Kwenye safu ya kwanza andika jina la kampuni iliyotoa tangazo, si "mgodi". Ukimwandikia afisa wa mgodi kuulizia nafasi ya mkandarasi, hata akiwa mtu mwema hana cha kukujibu. Tena usifikirie kwenda getini kuulizia, maana mlinzi hana orodha ya waombaji na hana ruhusa ya kukuingiza. Njia ya kufuatilia ni ileile iliyotajwa kwenye tangazo. Kazi za vibarua zisizohitaji cheti zina mkondo wake: mara nyingi taarifa hupita kwenye ofisi za vijiji vinavyouzunguka mgodi, kama Kewanja, Nyangoto na Kerende, na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji huhitajika. Hapo anayesubiriwa ni mtendaji wa kijiji, na kumfuatilia ni kwenda ofisini kwake asubuhi, si kumtumia ujumbe.

Kambi za watalii ndizo zenye kalenda ngumu kuliko zote, na hapa ndipo watu wa Mugumu, Robanda na Natta hupoteza nafasi bila kujua kwa nini. Makundi ya nyumbu huvuka Mto Mara upande wa Kogatende kati ya Julai na Oktoba hivi, na kambi za kaskazini mwa hifadhi hujaa. Masika, hasa Aprili na Mei, wageni hupungua, na kambi nyingine hufungwa kwa matengenezo. Ukifuatilia ombi la kazi mwishoni mwa Julai unampata meneja aliye na mahema yote yamejaa, mtandao wa kubabaisha, na nafasi zake zote zimeshajazwa tangu Mei au Juni. Ukifuatilia mwishoni mwa Aprili unaikuta ofisi inapanga watu wa msimu. Kwa hiyo kwenye kambi na loji, tarehe ya kufuatilia inatoka kwenye msimu kwanza, kisha kwenye siku uliyotuma. Ombi lililotumwa Novemba bila tangazo lolote huna haja ya kulikimbiza Desemba. Liandikie ukumbusho mmoja katikati ya Aprili. Na utume kwenye ofisi inayoajiri, ambayo kwa kampuni nyingi iko Arusha. Meneja wa kambi huweza kuwa kwenye mapumziko ya zamu ujumbe wako unapofika, na akirudi umeshazama chini ya mingine mia.

Tuone jedwali likifanya kazi. Chukua mfano wa kubuni wa binti anayeishi Sirari, mwenye stashahada ya uhasibu, na maombi manne ya Machi 2026.

| Mwajiri na nafasi | Njia na ushahidi | Ilitumwa / mwisho | Hatua | Anayesubiriwa | Kufuatilia |
|---|---|---|---|---|---|
| Halmashauri, msaidizi wa hesabu | Ajira Portal. Picha ya skrini ya ombi | 9/3. Mwisho 16/3 | Limepokelewa | Sekretarieti | Kila Jumatatu na Alhamisi |
| Shule ya binafsi, mtunza fedha | Kwa mkono. Nakala yenye muhuri | 10/3. Hakuna mwisho | Kimya | Mkuu wa shule | Jumanne 24/3 |
| Mkandarasi mgodini, karani wa stoo | Barua pepe. Usaili 19/3 | 2/3. Mwisho 6/3 | Usaili umefanyika | Rasilimali watu | Alhamisi 9/4 |
| Kambi ya watalii, karani wa hesabu | Barua pepe, Arusha | 25/3. Mwisho 10/4 | Limetumwa | Ofisi ya Arusha | Jumatatu 27/4 |

Safu ya simu na barua pepe nimeiacha kwa kukosa nafasi. Kwenye kaunta buku usiiache.

Mstari wa tatu ndio wa kuutazama. Usaili ulifanyika Alhamisi tarehe 19 Machi, na mwisho wa mahojiano binti aliuliza swali ambalo kila msailiwa anapaswa kuuliza kabla ya kusimama: "Naomba kujua, majibu nitarajie lini, na nikihitaji kuulizia niwasiliane na nani?" Akajibiwa kwamba ni ndani ya wiki mbili, na akapewa barua pepe ya ofisi. Wiki mbili zinaishia Alhamisi tarehe 2 Aprili. Angeandika siku inayofuata kama siku ya kufuatilia, angeangukia Ijumaa Kuu. Baada yake kuna Jumamosi na Jumapili ya Pasaka, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Siku ya Karume tarehe 7. Siku tano mfululizo ofisi ya utawala haina mtu wa kumjibu. Jumatano tarehe 8 kila mtu amerudi na anahangaika na barua za siku tano. Ndiyo maana jedwali linasema Alhamisi tarehe 9, asubuhi. Mwajiri amepewa wiki mbili alizoomba, akaongezewa siku za sikukuu, na bado hajafika mahali pa kumsahau aliyemsaili.

Mstari wa nne umehesabiwa tofauti. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa tarehe 10 Aprili. Kabla ya siku hiyo hakuna kisa cha kuulizia, kwa sababu hakuna anayechambua maombi ambayo bado yanaingia. Siku kumi za kazi baada ya hapo zinaishia Ijumaa tarehe 24, na Ijumaa mchana watu wanakwenda swala na wengine wanafunga mahesabu ya wiki, kwa hiyo imesogezwa hadi Jumatatu tarehe 27. Msimu wa nyumbu bado haujaanza. Ukumbusho wa pili, ukihitajika, utakuwa katikati ya Mei, na baada ya hapo mstari unafungwa, kwa sababu Juni ikiingia kambi imeshapanga watu wake.

Mwenye simu janja anaweza kuliweka jedwali hilohilo kwenye Google Sheets na kuliachia lihesabu siku za kazi. Tuseme tarehe ya mwisho wa kupokea iko safu ya D, na sikukuu zote za mwaka umeziorodhesha kuanzia K2 hadi K20. Basi tarehe ya kufuatilia ni:

```
=WORKDAY(D2,10,$K$2:$K$20)
```

Bila orodha ya sikukuu fomula hii inaruka Jumamosi na Jumapili tu, na ingeihesabu Ijumaa Kuu kama siku ya kazi. Sikukuu za Idi ziandike kwa makadirio, uzirekebishe mwezi ukiandama. Ukitaka mistari iliyofikiwa na siku ijitokeze, na tarehe ya kufuatilia iko safu ya G huku ya jibu ikiwa H, weka hii kwenye safu ya I:

```
=IF(AND(G2<>"",G2<=TODAY(),H2=""),"FUATILIA","")
```

Mstari wa serikali uache wazi safu ya G, kwa kuwa huo unafuata mzunguko wako wa Jumatatu na Alhamisi.

Maneno ya kufuatilia yawe machache na yabebe vitu vinne tu: wewe ni nani, nafasi ipi, nini kilifanyika na tarehe gani, na unauliza nini. Lugha iwe ile ya tangazo. Tangazo likiwa la Kiingereza, ukumbusho uandike kwa Kiingereza. Likiwa la Kiswahili, usijitese. Ujumbe wa binti kwa mkandarasi ungekuwa hivi:

"Habari za kazi. Nilifanya usaili wa nafasi ya Karani wa Stoo Alhamisi tarehe 19 Machi 2026, na nilielezwa kwamba majibu yangetoka ndani ya wiki mbili. Naomba kufahamu kama mchakato bado unaendelea, na kama kuna nyaraka yoyote mnayoihitaji kutoka kwangu. Napatikana kwa namba niliyoiandika kwenye maombi. Asanteni kwa muda wenu."

Hakuna "nimesubiri sana". Hakuna "nina shida ya kazi", ambayo ni kweli kwa kila mwombaji na haimsaidii msomaji kuamua chochote. Wala hakuna jina la mjomba anayefanya kazi humo. Mjomba akitajwa kwenye barua pepe, afisa wa rasilimali watu analazimika kujihami, hata kama ombi lako lilikuwa linaelekea vizuri. Sentensi ya nyaraka nayo haipo kwa adabu tu. Wakati mwingine faili limekwama kwa sababu ya cheti kimoja kisichosomeka, na swali hilo linampa afisa njia rahisi ya kukuambia.

Kwa simu, piga kati ya saa tatu na nusu na saa tano asubuhi, Jumanne hadi Alhamisi. Jedwali liwe mezani. Anza kwa salamu na uisubiri iitikiwe, kisha uliza, "Nimekupata kwa wakati mzuri?" Akisema yuko kikaoni, uliza saa ya kupiga tena, iandike, ukate. Kwa shule ya binafsi iliyoko jirani, kwenda mwenyewe ni bora kuliko simu. Karani wa masijala aliyekuzidi umri mwamkie, "Shikamoo mama," mpe nakala yako yenye muhuri aione, umuulize kama barua imeshapanda kwa mkuu au bado iko mezani kwake. Jibu la "iko kwa mkuu" liandike na tarehe yake. Limehamisha mstari kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hata kama bado hujapata jibu.

Baada ya kila mawasiliano, andika kwenye mstari tarehe, jina au cheo cha aliyejibu, na maneno yake yalivyokuwa. "Tutakupigia" si sawa na "tumeshachagua majina matatu, tunasubiri sahihi ya meneja". La kwanza linakupa tarehe mpya ya kufuatilia baada ya siku kumi za kazi. La pili linakuambia ukae karibu na simu, usihangaike kuandika.

Mara mbili zinatosha. Ukikumbusha mara mbili, kwa umbali wa siku kumi za kazi au zaidi, na hakuna neno, chora mstari mwembamba juu ya ombi hilo na uandike "limefungwa" na tarehe. Usilifute. Kampuni ileile itatangaza tena, na utataka kujua uliwasilisha nini mara ya kwanza. Kwa serikali kufunga ni tofauti. Aliyefaulu usaili lakini nafasi zikawa chache kuliko waliofaulu anaweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti na kupangiwa kituo baadaye kupitia tangazo la kuitwa kazini. Mstari wake uandike "kanzidata" na uendelee kusoma matangazo hayo, hata kama moyo umeshakata tamaa na Dodoma. Ukiitwa, tangazo linataja muda wa kuripoti, na muda huo ndio unaoingia kwenye safu ya kufuatilia.

Jedwali lina faida nyingine ambayo watu hawaitarajii: linamkamata tapeli. Anayepiga akidai ni wa ofisi ya ajira ya mgodi, kwamba jina lako limepita na unatakiwa utume pesa ya fomu, ya vipimo vya afya au ya "kushikilia nafasi", muulize mambo mawili: nafasi inaitwaje kwenye tangazo, na uliomba tarehe ngapi. Huku unatazama mstari wako. Tapeli anajua kwamba wewe ni mtafuta kazi wa Tarime. Hajui kwamba uliomba ukarani wa stoo tarehe 2 Machi kwa mkandarasi fulani. Kama kampuni anayoitaja haimo kabisa kwenye jedwali, mazungumzo yameishia hapo. Mwajiri wa kweli halipwi na mwombaji, na Sekretarieti ya Ajira haitozi kitu kwa usaili. Ujumbe wa namna hiyo na namba yake vitume 15040, namba ya kuripotia utapeli wa simu. Na ikiwa anayekudai fedha ni mtumishi halisi wa ofisi halisi, hiyo ni rushwa, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113.

Tenga siku moja ya kukaa na daftari. Jumapili jioni inafaa, kwa sababu unaona wiki nzima inayokuja. Pita kila mstari ulio wazi na uulize swali moja: anayesubiriwa ni nani? Ikiwa ni mwajiri na tarehe haijafika, pita, usiuguse. Ikiwa tarehe inaangukia wiki hii, andika ujumbe jioni hiyohiyo ukiwa umetulia, utume asubuhi ya siku yake. Ikiwa ni wewe, kwa mfano unadaiwa barua ya kijiji au cheti kilichothibitishwa na wakili, hiyo ndiyo kazi ya Jumatatu. Ukihesabu na kukuta mistari mingi ina neno "mimi", tatizo lako si waajiri kuwa kimya.

Siku ukiambiwa "umepata", usifunge mistari mingine jioni ile. Neno la simu si mkataba. Endelea na tarehe zako za kufuatilia kama kawaida mpaka uwe na barua ya ajira yenye sahihi, cheo, mshahara na siku ya kuanza. Ndipo uwaandikie wale waliokusaili na bado hawajajibu, kila mmoja ujumbe wa mistari miwili: "Nashukuru kwa nafasi ya usaili ya tarehe 19 Machi. Nimepata kazi mahali pengine, hivyo naomba kuondoa jina langu kwenye mchakato." Waliopokea maombi tu bila kukuita hawahitaji kuandikiwa. Kaunta buku yenyewe ihifadhi mpaka muda wa majaribio uliotajwa kwenye mkataba uishe, na akaunti ya Ajira Portal uiache ilivyo, nywila ikiwa imeandikwa ndani ya jalada.